Mizimu ya Fort Jesus: kwa nini shoti 6 za chapchap hazitoi watalii

*Shikamoo kaka. Juzi nilikuwa Mombasa nikapiga geti la Fort Jesus, watu kibao. Nilisikia ukipiga picha kadhaa ukaziunganisha watalii wanapotea wote, basi nikapiga 6 chapchap nimeshika simu mkononi, nikazipanga leya juu ya leya nikapunguza opasiti. Nimepata mizimu tu, watu wanaonekana kama moshi. Laptopu yangu ya zamani ina Ubuntu na ramu GB 8, Photoshop sina. Nakosea wapi, na hizo 6 zinaokoleka? (Msomaji, Tanga)*

Marahaba mdogo wangu. Hizo 6 usizifute kwanza, zina kazi kidogo, nitazirudia mwishoni. Tuanze na ile mizimu maana ukielewa imetoka wapi umeshamaliza nusu ya shughuli.

Ulipopanga leya na kupunguza opasiti ulikuwa unafanya wastani. Wastani haumtoi mtu, unamgawanya tu. Mtu aliyeonekana kwenye shoti moja kati ya 6 anabaki na nguvu ya moja ya sita, yani ndio huyo moshi unaomuona, na hata ukipiga shoti 50 bado atakuwepo, amefifia lakini yupo, na kama kulikuwa na watu wengi basi ule moshi wao unajumlishana ukuta mzima unakuwa na uchafu. Ile njia uliyoisikia inatumia mediani, nayo ni kitu kingine kabisa, haigawi, inachagua.

Chukua pikseli moja tu, tuseme ipo kwenye ukuta pembeni ya geti. Mwangaza wa pikseli unapimwa 0 mpaka 255, sifuri ni giza tupu na 255 ni nyeupe kabisa. Umepiga shoti 9 na ile pikseli imetoka hivi: 201, 203, 58, 202, 204, 71, 202, 200, 203. Hapo hata bila kuambiwa unajua ukuta ni kama 202, na zile 58 na 71 ni watu wawili walipita mbele. Fanya wastani: jumla ni 1544, gawa kwa 9 unapata kama 172, ukuta umechafuka, ndio mzimu huo. Sasa fanya mediani: zipange kuanzia ndogo, 58, 71, 200, 201, 202, 202, 203, 203, 204, chukua ya katikati ambayo ni ya tano, unapata 202. Wale watu wawili wametupwa huko mwanzoni mwa foleni, hakuna hata chembe yao iliyoingia kwenye jibu. Kompyuta inafanya hivyo kwa kila pikseli mpaka picha inaisha.

Sasa ndani ya mfano huo kuna sharti moja, na karibu kila mtu anayeshindwa hii kitu anashindwa hapo hapo. Ile namba ya katikati inakuwa ya ukuta pale tu ambapo ukuta umeonekana kwenye zaidi ya nusu ya shoti. Kwenye shoti 9 unahitaji ukuta uonekane 5. Haijalishi kwamba doa lingine la picha lilikuwa tupu muda wote, kila doa linajitegemea. Kwa hiyo swali la kujiuliza ukifika pale siyo "kuna watu wangapi?", ni "lile eneo lenye msongamano kuliko yote linakuwa tupu sehemu gani ya muda?"

Nikupe hesabu kidogo, halafu siongezi nyingine. Tuseme doa fulani linazibwa na watu moja ya tano ya muda. Ukipiga shoti 9 zilizoachana vizuri, uwezekano wa mediani kukosea pale ni kama 2 katika 100. Ukipiga 15 unashuka chini ya nusu ya moja katika 100, yani hapo umemaliza. Lakini doa likizibwa mara 2 kati ya 5, shoti 9 zinakosea kama mara 27 katika 100, na ukijitutumua mpaka shoti 25 bado unakosea kama 15 katika 100. Umepiga karibu mara tatu na faida ndogo. Na doa likizibwa zaidi ya nusu ya muda ndio balaa, kila ukiongeza shoti unazidi kuharibu, maana mediani inakuwa na uhakika zaidi kwamba ule umati ndio ukuta. Ndio maana mtu anakuja analalamika "kaka nimepiga picha 60 na bado foleni ya tiketi ipo". Foleni haitatoka. Watu kwenye foleni wanabadilika lakini foleni yenyewe haihami.

Na hesabu zote hizo zinadai shoti zisiwe ndugu. Shoti mbili ulizopiga kwa kupishana sekunde moja, kwa mtu aliyesimama kupiga selfi, ni shoti moja tu umeihesabu mara mbili. Mtalii akisimama kwenye mzinga wa pale ngomeni anapigwa picha na mwenzie, halafu wanabadilishana, halafu wanaangalia skrini, halafu "rudia macho nilifumba", hapo dakika moja na ushee imekwenda. Ukipiga shoti 20 ndani ya hiyo dakika yeye ndio mshindi wa mediani. Kwa hiyo nafasi kati ya shoti na shoti ina thamani kuliko idadi.

Halafu kuna kitu watu hawakisemagi sana, nacho ni upande wanaotembea. Mtu anayekatiza mbele yako kulia kwenda kushoto anaenda kama mita moja na kidogo kwa sekunde, mwili wake upana wake nusu mita, kwa hiyo ndani ya sekunde moja tu ameshatoka kwenye doa alilokuwepo. Huyo mediani inamfuta bila jasho. Lakini mtu anayetembea kutoka kwako kuelekea getini haondoki kwenye doa, anapungua ukubwa tu taratibu, mgongo wake upo pale pale katikati ya picha kwa sekunde kibao. Sasa geti la ngome si ndio wote wanaelekea humo humo? Ukisimama uso kwa uso na mlango unapata mkondo wa migongo usioisha. Sogea pembeni, lipige geti kwa mshazari, ule ule umati unaanza kukatiza picha badala ya kujipanga ndani yake. Hatua kumi za kusogea zinaweza kukusaidia kuliko shoti kumi za ziada.

Haya, tupige sasa. Nikuelezee nilivyofanya mimi pale pale Fort Jesus, maana ni sehemu nzuri ya kujifunzia: ukuta wa mawe ya matumbawe tangu Wareno walipouanza 1593, mpana, hauchezi, na rangi yake ya njano iliyopauka inatofautiana sana na nguo za watu. Ni urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2011 kwa hiyo watu hawakosekani, mabasi ya shule, wageni wa meli, na wenyeji wanaopita zao kwenda Mji wa Kale.

Mara yangu ya kwanza niliharibu. Niliacha simu kwenye oto kila kitu, basi akipita mtu wa kanzu nyeupe karibu na lenzi simu inatia giza picha nzima, wakipita kina mama wa buibui jeusi simu inaongeza mwanga, nikarudi na shoti 17 kila moja na ukuta wake. Mediani inahitaji ukuta uwe ule ule kwenye kila shoti, tofauti iwe ni watu tu. Ukuta ukiwa 202 hapa na 180 pale na 220 kule, namba ya katikati inarukaruka kutoka shoti hii kwenda ile na unapata mabaka mabaka kwenye ukuta kama rangi iliyopakwa na fundi mlevi.

Kwa hiyo mara ya pili nilienda hali ya Pro kwenye simu na kufunga vitu vyote: ISO 50, spidi ya shata nikaiacha pale ambapo ukuta haujaungua, WB nikachagua ya jua badala ya oto, fokasi nikaigusia kwenye geti nikaifunga, HDR nikazima. Kama simu yako haina Pro, bonyeza kwa muda mrefu pale kwenye ukuta, simu nyingi zitafunga fokasi na mwanga kwa pamoja. Wenye kamera, f/8 na ISO 100, vile vile manyuo kila kitu, na ule mfumo wa kutuliza mtikisiko uzime kamera ikiwa kwenye stendi.

Stendi ulizia kwanza getini kama wanaruhusu unaposimama. Ukikosa stendi egemeza simu. Mimi nimewahi kuiweka juu ya ukuta mfupi nikaibana na kandambili mbili, ilikaa vizuri tu. Kushika mkononi inawezekana kwa sababu programu inaweza kuzipanga picha zilizocheza kidogo, ila elewa mpaka wake: simu ikizunguka kidogo mkononi programu inarekebisha, lakini ukihama nusu hatua, kile kilichopo karibu yako, mzinga mathalani, kinahama dhidi ya ukuta wa nyuma na hapo hakuna programu itakayovipanga vyote viwili. Utaona ukuta mkali na mzinga umechacha. Kwa hiyo ukishika mkononi, usiweke kitu cha karibu kwenye picha.

Nikapiga shoti 21, moja kila sekunde 20 hivi, jumla haikufika dakika 7. Kwa nini witiri? Kwa sababu ukiwa na idadi witiri katikati ipo moja. Ukiwa na shufwa katikati zipo mbili, na programu nyingine zinachukua wastani wa hizo mbili, kama moja ni ukuta na nyingine ni mtu umerudi kwenye mizimu. Siyo jambo kubwa ukiwa na shoti nyingi, ila witiri haina gharama.

Na kwa nini nisipige saa nzima ili nipate watu tofauti kabisa? Jua, mdogo wangu. Jua linahama nyuzi 15 kwa saa, na huku kwetu karibu na ikweta asubuhi linapanda karibu wima. Ukuta wa mita 10 jua likiwa nyuzi 45 unatoa kivuli cha mita 10, baada ya dakika 7 kile kivuli kimeshafupika zaidi ya nusu mita. Kwenye picha ile nusu mita inakuwa ukingo wa kivuli uliovia, hauko mkali wala haujapotea. Dakika 5 mpaka 10 ndio kipimo changu kukiwa na jua kali. Siku ya mawingu mazito yaliyofunga unaweza kukaa hata nusu saa, tena ndio siku nzuri kuliko zote kwa kazi hii. Siku mbaya ni ile ya mawingu yanayokimbia, jua linatoka linaingia. Hapo usipige kwa saa, piga kwa jicho, subiri jua litoke ndio ubonyeze, shoti yoyote iliyoingia wingu itupe.

Sio lazima pia ufuate zile sekunde 20 kama askari. Mimi nikiona kundi limesimama mahali nasubiri liondoke, nikiona geti limepata upenyo hata wa sekunde mbili nabonyeza hapo hapo hata kama pembeni pamejaa, kwa sababu getini ndiko kwenye shida. Na wakati unapiga kariri moyoni: hili doa la mlangoni nimeshaliona tupu mara ngapi? Likifika 11 kati ya 21 umemaliza.

Sasa mezani. Kwa Ubuntu unahitaji vitu viwili vya bure, ImageMagick ambayo huenda tayari unayo, na kifaa kinaitwa align_image_stack kinachokuja na Hugin. Weka shoti zako zote kwenye folda moja peke yake, fungua teminali humo ndani, halafu:

```
sudo apt install hugin-tools imagemagick
align_image_stack -m -C -a al_ *.jpg
convert al_*.tif -evaluate-sequence median safi.tif
```

Mstari wa pili unazipanga picha zikae sawa juu ya mwenzie na kukata kingo ambazo hazipo kwenye shoti zote, unakupa al_0000.tif na kuendelea. Mstari wa tatu ndio mediani yenyewe. Kama toleo lako la ImageMagick ni la 7, andika `magick` badala ya `convert`, mengine ni yale yale. Ulipiga kwenye stendi na haikuguswa kabisa? Basi unaweza hata kuruka mstari wa pili, ila mimi huwa nauendesha tu, upepo wa pale baharini unaitikisa stendi nyepesi bila wewe kujua.

Hapo kuna mtego wa Ubuntu ambao wengi hukutana nao, utaona ujumbe una maneno `cache resources exhausted`. Usidhani laptopu imekufa. ImageMagick inafungua shoti zote kwa mpigo, picha ya megapikseli 12 peke yake inakula kama MB 100, mara 21 ni GB 2 na ushee, ambayo ramu yako inaimudu vizuri, tatizo ni kwamba Ubuntu imeiwekea programu kikomo kidogo sana kwa ajili ya usalama wa seva. Fungua faili `/etc/ImageMagick-6/policy.xml` kwa sudo, kwa toleo la 7 andika 7 badala ya 6, tafuta mistari yenye `memory` na `disk`, ile ya kwanza weka `4GiB` na ya pili `8GiB`, hifadhi, rudia. Itachukua muda, nenda kanywe chai.

(Wenye Photoshop mnaosoma hapa, njia yenu ni File > Scripts > Statistics, mnachagua Median, mnaweka tiki kwenye kupanga picha, kwisha. Kwenye matoleo ya Photoshop kamili lakini, siyo ile ya simu.)

Ilipotoka safi.tif yangu nilipiga yowe, geti tupu kama Jumatatu ya asubuhi enzi za korona. Halafu nikaivuta karibu. Usiamini picha ya mediani ikiwa ndogo kwenye skrini, ivute asilimia 100 utembee nayo kona kwa kona. Nilikuta vitu vitatu.

Cha kwanza, muuza madafu. Yeye na mkokoteni wake na mwavuli walikuwepo shoti zote 21, mediani ikaona ni sehemu ya ngome. Wala sikutaka kumtoa, ni sura ya pale kuliko hata mimi, lakini miguu ya wateja wake ilikuwa imebaki kama uchafu wa kijivu chini ya mwavuli. Hilo eneo lilizibwa karibu nusu kwa nusu, ndio dalili yake hiyo: siyo mtu kamili wala siyo sakafu safi, ni mchanganyiko, kwa sababu pikseli moja imechukuliwa shoti hii na jirani yake shoti nyingine.

Cha pili, majani ya miti. Upepo ulikuwa unayapeleka huku na huku, kila pikseli ikachagua jani lake, matokeo yake ule mti umekuwa kama umechorwa kwa brashi lowevu. Bendera ndio hivyo hivyo, na mawingu yanakuwa utelezi mrefu. Mediani haijui tofauti kati ya mtalii na jani, chochote kinachocheza kwake ni kosa.

Cha tatu kilikuwa kijivuli chepesi getini kwenye kizingiti, ambacho kwa macho nilikuwa na shaka nacho, ni doa la jiwe au ni mtu? Kwa shaka kama hiyo kuna ujanja naupenda. Gawa shoti zako mafungu mawili, fanya mediani ya kila fungu peke yake, halafu toa moja kwenye nyingine:

```
convert al_000?.tif -evaluate-sequence median a.tif
convert al_001?.tif -evaluate-sequence median b.tif
convert a.tif b.tif -compose difference -composite \
  -alpha off -auto-level tofauti.jpg
```

Picha ya tofauti itakuwa nyeusi pale ambapo mafungu yote mawili yamekubaliana, na itawaka pale yanapobishana. Yangu iliwaka kwenye mti, chini ya mwavuli, na pale kizingitini. Kwa hiyo lile siyo jiwe. Ila kumbuka mtu aliyekaa bila kuondoka fungu la kwanza na la pili, kama yule bwana wa madafu, atakuwa mweusi pia, mafungu yote yamekubaliana kuwa yupo. Huyo jicho lako tu ndio litamuona.

Kutibu ni kazi ya GIMP na dakika 15. File > Open as Layers, fungua safi.tif na zile al_ ambazo zina kitu unachotaka, lazima ziwe zile al_ zilizopangwa siyo shoti za asili la sivyo hazitakaa sawa. Kizingiti: nilipitia shoti moja moja nikakuta nne ambazo kile kizingiti kilikuwa tupu kabisa, moja inatosha. Nikaiweka juu ya safi.tif, nikaipa maski nyeusi yote kwa Layer > Mask, halafu nikachukua brashi nyeupe yenye kingo laini nikapaka pale pale tu. Unaona, hata doa lililoshindwa kufika nusu kwa mediani, likiwa limeonekana tupu mara moja tu kwa mkono linaokoka. Miti na anga vile vile, ila hapo unachukua shoti moja yenye majani makali unaipakia mti mzima, usichanganye shoti mbili kwenye mti mmoja.

Angalizo dogo kwenye kupaka. Mediani ya shoti nyingi inaondoa pia zile chengachenga za simu, ukuta unakuwa laini kuliko shoti yoyote moja, kwa hiyo kiraka ulichokitoa shoti moja kitaonekana kina chenga zaidi ya jirani yake. Kwa ISO 50 mchana huoni, ila ukipiga jioni kwa ISO 800 utaviona viraka kama suruali ya mvuvi. Dawa ni kuongeza chenga kidogo kwenye safi.tif yote badala ya kuhangaika kulainisha kiraka.

Na kivuli cha mtu usikisahau, mtu akisimama nje ya picha kivuli chake kinaweza kuwa kimelala ndani. Mediani inakitoa kama inavyomtoa mwenyewe, lakini ukiwa unapaka kwa mkono watu wanamtoa mtu wanaacha kivuli, halafu picha inabaki na kivuli cha miguu miwili kisicho na mwenyewe.

Sasa zile 6 zako. Ulipiga chapchap, tuseme sekunde 5 au 6 zote. Waliokuwa wanakatiza kulia na kushoto wamehama vya kutosha, kwa hiyo wao watatoka. Waliosimama, na waliokuwa wanaelekea getini, watabaki, hakuna ujanja. Tupa ile moja iliyotikisika kuliko zote ubaki na 5, ziendeshe kwenye ile mistari mitatu, kuzipanga kwanza ni lazima maana ulishika mkononi. Utapata picha yenye watu wachache kuliko mwanzo na bila moshi. Waliobaki waangalie mmoja mmoja kama kuna shoti hata moja kati ya zile 5 ambayo nyuma yake panaonekana, paka. Ambaye nyuma yake hapaonekani kwenye shoti yoyote mwache alipo, au mwombe mtu wako aliyepo Mombasa aende akapige shoti chache zaidi, ila asimame sehemu ile ile ulipokuwa wewe na saa ile ile, maana kivuli cha saa 3 asubuhi hakiingii kwenye picha ya saa 9 mchana.